Kutoka Slaidi 34 Hadi Jibu Moja

Mshauri alipofika slaidi ya 34, joto la chumba lilikuwa limeshawalegeza wajumbe na wawili walikuwa wamesinzia kabisa. Kwa saa mbili kijana alikuwa ameeleza masoko ya mafuta ya alizeti kwa grafu, ramani na majedwali ya rangi. Slaidi ya mwisho ilisema kwamba kila chaguo lina faida na changamoto zake. Taa zikawashwa. Mama mmoja, mjumbe wa bodi ambaye amelima alizeti tangu kijana yule hajazaliwa, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, umetueleza vizuri, tunashukuru. Sasa tufanye lipi?"

"Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

Kijana akarudi slaidi ya 30, akaitazama, akasema atalifanyia kazi swali hilo. Kikao kikafungwa kwa sala na soda.

Ushirika huo uko mkoani Singida. Sitautaja, na namba zake nimezizungusha ili wenyewe wasijulikane, kwa hiyo msomaji asizichukue kuwa bei za soko za leo. Hesabu yenyewe inakwenda kama ilivyokwenda kwao. Wiki moja baada ya kikao katibu alinipigia simu, akanitumia faili lile na kuniuliza kama linaweza kugeuzwa kuwa karatasi mbili ambazo bodi ingezisoma na kuamua. Nilimwambia linaweza. Sikumwambia kwamba kazi hiyo ingetuchukua siku tisa.

Waliofanya kazi serikalini wanalijua dokezo sabili, ile karatasi ya ofisa kwenda kwa mkubwa wake yenye mstari wa "Yah:" juu na nafasi ya saini chini. Mkubwa analisoma, anaandika "Nakubali" au "Tuonane", basi. Dokezo la uamuzi ni ndugu wa karatasi hiyo. Halikusudiwi kumfundisha msomaji kila kitu kuhusu soko. Linamwomba afanye jambo moja, linamwambia kwa nini jambo hilo na si lile, na linamwachia njia ya kukataa akiwa anajua anachokataa.

Slaidi zina kazi yake. Zinafaa kuonyesha eneo, kupanua macho, kuwaonyesha watu mashine ambayo hawajawahi kuiona. Udhaifu wake ni kwamba zinaruhusu mambo kukaa jirani bila kuambiwa yanahusianaje. Nukta ya kwanza inasema soko linakua, ya pili inasema ushindani ni mkali, ya tatu inasema ubora ni muhimu. Je, ni mkali kwa sababu linakua? Ubora utatuokoa na ushindani, au ndio utakaotumalizia fedha? Nukta haisemi. Sentensi kamili, yenye "kwa sababu" na "ingawa" ndani yake, haiwezi kukwepa.

Mfano unaoumiza zaidi ni wa chombo cha anga cha Columbia. Januari 2003, kikiwa bado kinazunguka dunia, wahandisi wa Boeing waliwaonyesha wakubwa wa NASA slaidi kuhusu kipande cha povu kilichokuwa kimepiga bawa wakati wa kurushwa. Kichwa cha slaidi moja kilituliza roho. Chini kabisa, kwenye nukta ya mwisho, kulikuwa na vipimo viwili ambavyo mtu akivigawanya anaona kwamba povu lililopiga bawa lilikuwa kubwa mara 640 kuliko lile lililotumika kwenye majaribio. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirudi na wanaanga 7 wakafa. Slaidi hazikutoboa bawa, ila tume ya uchunguzi ililalamika waziwazi juu ya desturi ya kutumia slaidi mahali palipohitaji ripoti iliyoandikwa. Mwaka uliofuata, Juni 2004, Jeff Bezos aliwakataza wakubwa wenzake wa Amazon kuleta slaidi kwenye vikao vyao. Wakaanza kuandika waraka usiozidi kurasa 6, na kila kikao kikaanza kwa watu kukaa kimya wakiusoma.

Basi nirudi Singida.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua bodi inaamua nini hasa. Mstari wa juu wa faili ulisema "Uchambuzi wa Masoko ya Mafuta ya Alizeti". Hilo ni jina la mada, huwezi kuliwekea saini. Nilimuuliza katibu: "Mna shilingi ngapi, na lazima muamue kabla ya lini?" Akajibu bila kufikiri: akiba ni milioni 60, na uamuzi upatikane kabla ya mavuno kushika kasi mwezi Juni. Hayo mawili hayakuwepo kwenye slaidi hata moja kati ya 34. Mara tu tulipoyaandika juu ya karatasi, chaguo la kwanza lilianguka lenyewe. Lilikuwa kununua mtambo wa kusafisha mafuta na kuyauza kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam. Bei ya mtambo iliyokuwa kwenye faili la mshauri mwenyewe ni milioni 140. Ushirika wenye milioni 60 ungekopa 80 ili kusafisha mafuta ya kinu kidogo kinachokamua gunia 15 kwa siku. Slaidi 9 zilikuwa za chaguo hilo. Kwenye dokezo lilipata sentensi mbili.

Yakabaki mawili. La pili lilikuwa kufungasha mafuta kwenye chupa za lita 1 na kuyauza kwenye maduka ya Dodoma, yakiwa na lebo na nembo ya ubora ya TBS. La tatu lilikuwa kununua mbegu nyingi wakati wa mavuno, kuziweka ghalani, kisha kuendelea kukamua baada ya Septemba na kuuza mafuta kwa madumu kwa wafanyabiashara walewale wa jumla wa Singida na Dodoma.

Mshauri alikuwa ameyapima machaguo yote kwa jedwali la alama. Ukubwa wa soko, ushindani, mtaji, hatari, ajira na taswira ya ushirika, kila kimoja alama 1 hadi 10, halafu wastani. Chupa zilipata 7.3, mbegu 7.1, mtambo 6.9. Jedwali la namna hii linaonekana la kisayansi, na ni rahisi kulijaribu: badilisha uzito wa kigezo kimoja uone. Tulipoipa "taswira ya ushirika" nusu ya uzito wake, mbegu zikapanda juu. Jibu linalogeuka kwa kugusa kigezo ambacho hakuna mjumbe aliyewahi kukizungumzia si jibu. Nililitoa jedwali lote, na katibu alisikitika, kwa sababu ndiyo slaidi iliyokuwa imempendeza kuliko zote.

Kilichofuata ndicho kiini cha kazi yote, na ndicho watu wengi hukiruka. Wengi huchukua slaidi 34, wakazigeuza kuwa aya 34, wakaongeza pendekezo mwishoni. Sisi tulichapa slaidi zote, tukazitandaza juu ya meza na kuuliza swali moja kwa kila moja: habari hii ikibadilika, chaguo letu litabadilika? Slaidi ya 4 ilisema kwamba kwa miaka mingi Tanzania imeagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayotumia. Ni kweli, ni habari nzito, na haitusaidii chochote, kwa sababu ni kweli vilevile kwa mtambo, kwa chupa na kwa mbegu. Ikawekwa pembeni. Idadi ya watu wa Dodoma, pembeni. Orodha ya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, pembeni, maana "uzoefu wa wanachama" ulikuwa nguvu kwenye machaguo yote matatu. Saa moja baadaye zilibaki slaidi 5.

Mojawapo ilikuwa ya 22. Ilikuwa grafu ndogo, kijivu, iliyowekwa kwenye kona kama pambo, ikionyesha siku ambazo kinu kilifanya kazi msimu uliopita. Juni siku 24, Julai 25, Agosti 25, Septemba 22, Oktoba 3. Baada ya hapo hakuna kitu hadi mavuno mengine.

"Kwa nini kinasimama Oktoba?" nikamuuliza meneja wa kinu. "Wateja wanakwisha?"

"Wateja?" Akacheka. "Wateja wanapiga simu hadi Krismasi, kaka. Mbegu ndizo zinazokwisha. Zinakwenda kwa wanunuzi wenye malori, na zikibaki mtaani zimeshapanda bei."

Kwa hiyo slaidi 34 zilikuwa zimejibu swali la wapi pa kuuza mafuta, wakati ushirika ulikuwa na tatizo la kutokuwa na mafuta ya kuuza. Hili halimo kwenye slaidi yoyote kama hoja. Limo kama picha. Na ukilishika, linalitikisa chaguo la chupa pia, kwa sababu mwenye duka akikupa nafasi kwenye rafu anataka mzigo mwaka mzima. Kinu kinacholala Oktoba kitaacha rafu tupu mwezi Novemba, na mwenye duka hatakungoja hadi Juni.

Hata hivyo hoja nzuri si hesabu. Ilibidi tujue kila njia inaleta shilingi ngapi, na hapo tukakutana na uchafu wa namba ambao slaidi huficha vizuri. Bei za mbegu zilikuwa zimeandikwa kwa kilo kwenye slaidi moja, kwa debe kwenye nyingine, na kwa gunia kwenye ya tatu. Gunia lipi? Anayelima anajua kwamba kuna gunia la mzani na kuna lumbesa, lile lililoongezewa kichwa likashonwa kwa kamba. Tukaamua kwamba kwenye dokezo gunia ni kilo 65 za mzani, tukaandika hivyo kwenye mstari wa kwanza unaotaja gunia. Kisha slaidi ya 15 ilisema gunia linatoa lita 20 za mafuta. Daftari la kinu, ambalo meneja analijaza kila jioni kwa kalamu ya wino, lilionyesha wastani wa lita 17 na mashudu kilo 45. Lita 3 zinaonekana kidogo. Kwa bei ya jumla ya shilingi 4,000 kwa lita ni shilingi 12,000 kwa kila gunia, na kwa gunia 1,000 ni milioni 12 zisizokuwepo. Tulishika daftari.

Sasa hesabu ya gunia moja. Mafuta lita 17 yanaleta shilingi 68,000. Mashudu kilo 45, ambayo wafugaji huyanunua kwa shilingi 500 kwa kilo, yanaleta 22,500. Jumla 90,500. Wakati wa mavuno gunia linanunuliwa kwa 50,000, na umeme, vibarua na madumu vinakula 12,000. Linabaki 28,500. Ukingoja hadi Novemba uinunue mbegu hiyohiyo kwa 75,000, linabaki 3,500, ndiyo maana kinu kinalala. Lakini ukiinunua Juni na kuihifadhi, gharama ya ghala, dawa, ulinzi na uzito unaopotea ni kama 9,000, na linabaki 19,500. Milioni 60 zinatosha gunia 1,000 pamoja na uhifadhi wake, na milioni 1 inabaki ya chaga na mzani. Kwa gunia 15 kwa siku, mzigo huo unakifanya kinu kizunguke Oktoba, Novemba na sehemu kubwa ya Desemba. Faida ni milioni 19 na nusu.

Chupa je? Msimu uliopita kinu kilitoa lita kama 25,000. Tukichukua kwamba karibu nusu, lita 12,000, ingefungashwa na kuuzwa kwa 5,200, chupa na lebo zinakula 500, usafiri na chupa zinazorudishwa 300, na mafuta yenyewe yangeuzwa 4,000 bila kufungashwa. Nyongeza ni shilingi 400 kwa lita, milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Milioni 25 zingekuwa zimekwenda kwenye mashine ya kujazia, na zilizobaki zingekaa kwenye chupa, lebo na madeni ya maduka yanayolipa baada ya siku 45.

Kulikuwa na chaguo la nne ambalo mshauri hakuliweka, na mara nyingi washauri hawaliweki: kutofanya chochote. Milioni 60 zikiwekwa benki kwa riba ya asilimia 8 zinaleta milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Ni sawasawa na chupa, bila kuinua chupa hata moja. Mstari huu mmoja ulibadilisha mazungumzo kuliko grafu zote. Dokezo lisilotaja hali ya kukaa kimya linampa msomaji machaguo ambayo yote yanaonekana maendeleo, kumbe mojawapo ni sawa na kulala.

Hapo tukaanza kuandika. Rasimu ya kwanza ya katibu ilianza na historia ya ushirika tangu ulipoandikishwa, ikaeleza umuhimu wa zao la alizeti kwa mkoa, na pendekezo likatokea ukurasa wa tatu likiwa limevaa shela: "Kwa kuzingatia hayo yote, chaguo la tatu linaonekana kuwa na fursa nzuri zaidi endapo mazingira yataruhusu." Nilimuuliza: ukimpa mama yule sentensi hii, atajua afanye lipi? Akainama akaandika upya. Hivi ndivyo dokezo lilivyoanza mwishoni, neno kwa neno:

"Yah: Kuidhinisha shilingi milioni 60 kununua na kuhifadhi gunia 1,000 za mbegu.

Tunaiomba Bodi iidhinishe milioni 60 za akiba kununua gunia 1,000 za alizeti za kilo 65 kati ya Juni na Julai, zikamuliwe Oktoba hadi Desemba. Tunapendekeza hivyo kwa sababu kinu chetu kinasimama kwa kukosa mbegu, si kwa kukosa wateja. Tunatarajia faida ya milioni 19 na nusu. Fedha zote zinarudi kufikia Januari. Bei ya kununulia ikivuka 60,000 kwa gunia, tunasimama."

Msomaji akiishia hapo anaweza kuamua. Yanayofuata yote ni ya kumhakikishia au kumpa silaha ya kupinga. Angalia pia "fedha zinarudi kufikia Januari". Kwenye slaidi, mtaji wa chupa na mtaji wa mbegu ulikuwa nguzo mbili za urefu unaokaribiana. Lakini mbegu unaigeuza kuwa fedha tena ndani ya miezi saba, na ukikosea umejifunza. Mashine ya kujazia ukikosea ni chuma, na utakaa unatafuta wa kumuuzia.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ya machaguo yaliyokataliwa. Kishawishi ni kuyachafua ili lako ling'ae. Kwenye bodi hii wajumbe watatu walikuwa wanazipenda chupa, na wana sababu: wamechoka kuona mafuta yao yakiingia kwenye madumu ya mtu mwingine na kutoka na jina lake. Dokezo likizidharau chupa, watatu hao wanaacha kusoma. Kwa hiyo tuliandika jambo lililo bora kuhusu chupa kabla ya lililo baya: kwamba ndizo pekee zinazojenga jina, na kwamba faida yake inaweza kukua miaka ijayo. Kisha tukaandika kwa nini si mwaka huu: hakuna mafuta ya kujaza rafu baada ya Septemba. Na tukakataa kuandika "tufanye yote mawili kidogo kidogo", ingawa ndilo pendekezo ambalo kila bodi hulipenda. Milioni 30 za mbegu zingenunua gunia 500, zinazokwisha katikati ya Novemba, na milioni 30 za chupa zingebakisha milioni 5 baada ya mashine. Ukigawa hivyo unawaridhisha wajumbe, halafu unakosa kote kuwili.

Kisha ukaja ukurasa wa pili, wa yanayoweza kutuangusha. Slaidi ya hatari ilikuwa na vitu 11, kuanzia mabadiliko ya tabianchi hadi wizi. Tulibakiza viwili.

Cha kwanza ni bei ya mafuta. Mafuta ya alizeti ya Singida hayajipangii bei. Yanafuata mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia, na ushuru unaowekwa juu yake. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake kutoka nje kwa wiki kadhaa, bei zilihisiwa hadi majikoni kwetu. Mkondo unaweza kugeuka pia. Tulipiga hesabu upya: lita ikishuka kutoka 4,000 hadi 3,000, faida ya gunia inaporomoka kutoka 19,500 hadi 2,500, na mradi mzima unaleta milioni 2 na nusu. Ikishuka chini ya 3,150 hivi, benki inatushinda. Hatukuandika "kuna hatari ya bei", tuliandika bei yenyewe. Na kwa kuwa mambo ya ushuru hutangazwa kwenye bajeti inayosomwa bungeni katikati ya Juni, dokezo lilisema: gunia hata moja la ghala lisinunuliwe kabla ya bajeti kusomwa.

Cha pili ni mbegu kuharibika. Alizeti ina mafuta mengi. Ikiingia ghalani na unyevu inapata joto ndani ya rundo, inaota ukungu na mafuta yake yanachacha. Unyevu usizidi asilimia 9 hivi, magunia yakae juu ya chaga mbali na ukuta, na mtu aingize mkono katikati ya rundo kila wiki. Mkono ukihisi vuguvugu, magunia hayo yanaanuliwa na kukamuliwa kwanza. Kazi hiyo tuliiandikia jina la mtu. Hatari isiyokuwa na mwenyewe hubaki slaidi tu.

Kikomo cha 60,000 nacho kilitoka kwenye hesabu. Kwa bei hiyo fedha zinatosha gunia kama 855, kila moja likibakisha 9,500, jumla milioni 8 na kidogo. Bado ni zaidi ya benki na chupa, na bado kuna nafasi ya kuvumilia mafuta yakishuka kidogo. Tungeweza kuweka 63,000 na bado hesabu ingekubali, lakini nafasi hiyo ingekuwa imekwisha. Uamuzi huo ni wa busara zaidi kuliko wa hesabu, na dokezo lilisema hivyo waziwazi ili anayetaka kuubishia ajue pa kubishia.

Bodi ilikutana tena Jumamosi. Mwenyekiti aligawa karatasi mbili kwa kila mjumbe na kuomba watu wasome kwanza. Dakika 15 za ukimya kwenye kikao cha ushirika ni ndefu. Mtu alikohoa, mwingine akauliza kama kuna soda. Kisha maswali yakaanza, na yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Mzee mmoja wa upande wa chupa hakuuliza kuhusu soko. Aliuliza: "Hii 17, lita 17 kwa gunia, mmeitoa wapi?" Daftari likaletwa, likazunguka mkono kwa mkono. Mwingine akasema uhifadhi wa 9,000 ni mdogo, na alikuwa na haki kidogo. Ukapandishwa hadi 10,000 na faida ikashuka kwa kiasi hicho. Ukiona watu wanabishana juu ya mstari fulani, ujue wamelielewa dokezo. Slaidi ziliwahi kupigiwa makofi na hakuna aliyezibishia.

Yule mama hakuuliza kitu hadi mwisho. Alikunja karatasi yake na kusema, "Nikisema hapana, fedha zinakwenda benki, siyo?" Mwenyekiti akasema ndiyo. "Basi nasema ndiyo."

Walinunua gunia 870. Mwisho wa Julai malori yalikuwa mengi, bei ikavuka 60,000, na wakasimama, ingawa fedha zilikuwa bado zipo. Slaidi 34 ziko kwenye kompyuta ya katibu. Ukurasa wa kwanza wa dokezo umebandikwa kwa gundi ukutani ghalani, juu ya mzani, na ile 60,000 imezungushiwa wino mwekundu.